Kutoka "Cordiali saluti" hadi "Distinti saluti": kusoma na kujibu barua pepe ya kazi ya Kiitaliano

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko ofisi ya mauzo ya kahawa hapa Moshi. Mnunuzi wetu wa Trieste anatuandikia kwa Kiitaliano, na mimi ndiye ninayemtafsiria mkurugenzi na kuandaa majibu. Siku zote barua zake zilianza na "Gentile" zikaishia na "Cordiali saluti". Juzi imekuja ya "Spett.le Ditta", na mwishoni "distinti saluti". Je, amekasirika? Na mkurugenzi akiandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" na "Wako katika ujenzi wa Taifa", niyaweke vipi kwa Kiitaliano? Barua yenyewe nimeiambatisha.

Jibu: Marahaba, dada. "Distinti saluti" peke yake si hasira. Ndiyo salamu ya kufungia inayotumiwa na benki, ofisi za serikali, mawakili na mtu yeyote anayemwandikia asiyemjua. Ingekuwa barua yake ya kwanza kwenu, ningekwambia uipite tu. Kinachofanya nisimame ni kwamba mtu yuleyule alikwisha kukuzoea, akawa anakuandikia "Cordiali saluti", na sasa amerudi nyuma hatua moja. Tena hakurudi nyuma mwishoni tu. Nimeiondolea barua yake majina na namba ya mkataba, inabaki hivi:

> Oggetto: Contratto caffè – sollecito campione pre-imbarco
>
> Spett.le Ditta,
>
> con riferimento al contratto in oggetto, Vi segnaliamo che a oggi non abbiamo ancora ricevuto il campione pre-imbarco. Vi preghiamo di provvedere con cortese sollecitudine.
>
> In attesa di un Vostro riscontro, porgiamo distinti saluti.
>
> Ufficio Acquisti

Tazama alivyojiondoa humo, na alivyokuondoa na wewe. Zamani alikuandikia kwa jina, sasa anaiandikia kampuni. Zamani alisema "mimi", sasa ni "sisi": segnaliamo, preghiamo, porgiamo. Zamani alitia jina lake chini, sasa imetia saini Idara ya Ununuzi. Neno "sollecito" kwenye kichwa cha habari ni istilahi ya ofisini, maana yake barua ya kukumbushia jambo lililopitiliza muda wake. Na "con cortese sollecitudine" ni adabu iliyobeba haraka; anayeandika hivyo anataka jambo lishughulikiwe sasa, wala hakuulizii hali.

Kwa hiyo tafsiri ya hali yenyewe ni hii: mnunuzi wenu ameacha kuzungumza kama mtu anayefahamiana nawe na ameanza kuweka kumbukumbu kwenye jalada. Bado hajafika mbali. Ngazi inayofuata ingekuwa "secondo sollecito", na baada ya hapo "diffida", yaani onyo la kisheria. Sheria ya Madai ya Italia, kifungu cha 1454, inamruhusu mtu kumpa mwenzake notisi ya maandishi ya kutimiza mkataba, kwa kawaida isiyopungua siku 15, na muda huo ukipita bila utekelezaji mkataba unavunjika. Barua za namna hiyo kwa kawaida huishia na "Distinti saluti", ndiyo maana salamu hii imepata sura ya ubaridi hata pale ambapo mwandishi hakukusudia.

Kuna alama nyingine ya kuiangalia kabla hata ya kusoma maneno. Italia wana PEC, posta elettronica certificata, mfumo wa barua pepe uliowekewa kanuni mwaka 2005, na kwao ujumbe wa PEC una nguvu ya barua ya rejista yenye hati ya kupokelewa. Ukimfikia mtu mwenye barua pepe ya kawaida kama nyinyi, kichwa chake huanza na maneno "POSTA CERTIFICATA:", jina la mtumaji hutanguliwa na "Per conto di:", na ndani huwa na viambatisho kama `daticert.xml` na `postacert.eml`. Ukiona hayo, mpelekee mkurugenzi siku hiyohiyo, hata kama salamu zilizomo ni laini. Yako haina alama hizo. Ni barua ya kawaida ya mtu aliyesubiri sampuli akachoka.

Sasa namna ya kumtafsiria mkurugenzi. "Spettabile", kwa kifupi "Spett.le", ni heshima inayopewa kampuni, taasisi au ofisi, wala haipewi mtu. Usihangaike kuitafutia sifa ya Kiswahili, ukaandika "Kampuni Tukufu" au "Kampuni Inayoheshimika". Barua rasmi ya Kiswahili haiiamkii kampuni, inamwamkia mwenye kiti: Mkurugenzi Mtendaji, kisha jina la kampuni, S.L.P., mji, halafu "Ndugu,". Heshima ambayo Mwitaliano ameiweka kwenye "Spett.le", Mswahili huiweka kwenye cheo kilichotajwa kwenye anwani. Kwa hiyo tafsiri ya kumpa bosi ningeiandika hivi:

> Mkurugenzi Mtendaji,
>
> YAH: MKATABA WA KAHAWA – KUKUMBUSHIA SAMPULI KABLA YA KUPAKIA MZIGO
>
> Ndugu,
>
> Tafadhali rejea mkataba uliotajwa hapo juu. Tunapenda kuwajulisha kwamba hadi leo hatujapokea sampuli inayotakiwa kabla ya mzigo kupakiwa melini. Tunaomba suala hili lishughulikiwe haraka iwezekanavyo.
>
> Tunasubiri majibu yenu.
>
> Idara ya Ununuzi

Utaona "distinti saluti" sikuitafsiri. Barua rasmi ya Kiswahili inaweza kuishia na ombi lake na saini, ikawa kamili na yenye adabu, na ukavu huo ndio hasa uliomo kwenye barua ya Mwitaliano. Ningeandika "Nakutakia kazi njema", ningeongeza joto ambalo yeye ameliondoa kwa makusudi, na mkurugenzi angeisoma barua akadhani mambo ni shwari. Chini ya tafsiri, nje ya barua yenyewe, mwandikie bosi mstari mmoja: "Mnunuzi amebadilisha namna ya kutuandikia; hii ni barua ya kukumbushia rasmi." Taarifa hiyo ni sehemu ya kazi ya mtafsiri. Kwenye maneno ya barua haitaonekana.

Upande wa pili, majibu. Mkurugenzi ameandika, kwa mujibu wa maelezo yako, barua ya kawaida ya ofisini:

> YAH: SAMPULI YA KAHAWA
>
> Ndugu,
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tumepokea barua yako na tunaomba radhi kwa ucheleweshaji uliojitokeza. Sampuli imetumwa leo kutoka Moshi. Stakabadhi ya msafirishaji imeambatishwa.
>
> Tunatanguliza shukrani kwa ushirikiano wako.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mimi ningeipeleka Trieste hivi:

> Oggetto: R: Contratto caffè – sollecito campione pre-imbarco
>
> Gentile Dott.ssa Rossi,
>
> con riferimento a quanto in oggetto, La ringrazio per il messaggio e mi scuso per il ritardo. Il campione è partito oggi da Moshi tramite corriere. In allegato trova la ricevuta di spedizione.
>
> Resto a disposizione per qualsiasi chiarimento e, ringraziandoLa per la collaborazione, Le porgo cordiali saluti.

(Rossi ni jina ambalo Waitaliano wenyewe hulitumia kwenye fomu za mfano, weka la mtu wako. Na hiyo "R:" mwanzoni mwa kichwa ni alama ya jibu ambayo programu za barua pepe za Kiitaliano huiweka zenyewe. "I:" ni ya ujumbe uliopelekwa mbele kwa mtu mwingine.)

Tuanze na sentensi yako ya kwanza, maana umebahatika. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ina ndugu yake kamili: "con riferimento a quanto in oggetto". Lugha zote mbili zinamrudisha msomaji juu kwenye YAH au Oggetto kabla ya kuingia kwenye shauri. Tofauti ni kwamba kwa Kiitaliano maneno hayo hayasimami peke yake kama sentensi. Lazima yashikwe na kitenzi kinachofuata, kama nilivyoyaunga na "La ringrazio". Ukiyawekea nukta yanabaki yakining'inia. Hali ni hiyohiyo kwa "ringraziandoLa" ya mwishoni. Wengi huandika "RingraziandoLa per la collaborazione." wakatia nukta, kisha wakashuka mstari na kuandika "Cordiali saluti". Mwitaliano msomi ataona sentensi isiyo na kitenzi. Iunganishe na "porgo", au iache kabisa uandike "La ringrazio per la collaborazione." na nukta yake.

Jambo dogo linalomfichua mgeni haraka: baada ya "Gentile Dott.ssa Rossi," kuna mkato, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo, maana Kiitaliano huhesabu kwamba sentensi inaendelea. Sisi baada ya "Ndugu," huanza kwa herufi kubwa. Kompyuta yako nayo itaikuza "con" kuwa "Con" bila kukuuliza, kwa hiyo irudie kwa mkono kabla ya kutuma.

Kwenye "Dott.ssa" naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tafsiri kati ya lugha zetu mbili huharibika zaidi. Italia, mtu yeyote mwenye shahada ya chuo kikuu, hata ile ya kwanza ya miaka mitatu, ni dottore au dottoressa. Kanuni ya wizara namba 270 ya mwaka 2004 inasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo ukimwandikia mkurugenzi "Dkt. Rossi", umempa mama huyo uzamivu au udaktari wa hospitali ambao pengine hana. Kwa Kiswahili mwandike "Bi. Rossi" au "Ndugu Rossi". Lakini ukirudi kwenye Kiitaliano usimvue cheo chake: "Gentile Signora Rossi" kwa mtu aliyetia saini "Dott.ssa" ni kumshusha, na wapo wanaolihisi hilo sana. Angalia saini ya chini ya barua zake za zamani, uchukue cheo hapo kama kilivyo. "Ing." ni Mhandisi na "Avv." ni Wakili, hivyo vinahamia kwenye Kiswahili bila shida. "Prof." ni mtego mwingine: walimu wa sekondari Italia huitwa professore, kwa hiyo "Profesa" kwa Kiswahili huenda ikawa kubwa kupita kiasi.

Mitego hii iko upande wetu pia. "Ndugu" ya barua rasmi usiigeuze kuwa "Fratello". Kazi yake inafanywa na "Gentile". Na siku mtakapomwalika Mkuu wa Mkoa kwenye uzinduzi mkamtaja kwenye barua ya Kiitaliano, "Mheshimiwa" isigeuke "Onorevole", maana kwao hilo hufahamika kama jina la mbunge. Taja cheo chake tu.

"Gentile" inafaa kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ishikilie hiyo. Utakutana na "Egregio", ambayo ni ya heshima kubwa zaidi na kwa desturi huandikiwa wanaume. Leo inasikika kama ya kizamani na hakuna utakachokosa usipoitumia. Hata hivyo Signore na Signora lazima uvitenganishe, na hapo majina hudanganya. Andrea, Nicola, Luca na Simone Italia kwa kawaida ni wanaume. Tena saini za maofisini nyingine huweka jina la ukoo kwanza, na cheo cha Kiitaliano hufuatwa na jina la ukoo, si kama sisi tunavyosema "Bwana Juma". Usipokuwa na hakika ya jinsia, andika jina zima bila cheo: "Gentile Andrea Rossi". Ni kavu kidogo lakini halimkosei mtu. Na mbele ya jina, neno la kiume hupoteza irabu yake ya mwisho: Dottor Rossi, Signor Rossi, Ingegner Rossi.

Kisha kuna "Lei". Hiyo ndiyo nafsi ya heshima, na kisarufi ni nafsi ya tatu ya kike hata unapomwandikia mwanamume. "La ringrazio" ni "nakushukuru" na "Le porgo" ni "nakupa". Anayefasiri neno kwa neno ataandika "namshukuru", na mkurugenzi atauliza ni nani huyo anayeshukuriwa. Herufi kubwa kwenye La, Le na katikati ya "ringraziandoLa" ni desturi ya barua za kazi, na siku hizi wengi wameiacha. Mwangalie mwenzako: akiweka, nawe weka kila mahali, asipoweka, acha kila mahali. Kinachochukiza macho ni kuchanganya. Kampuni nzima huambiwa "Voi", kama ilivyo kwenye barua uliyopokea. Usimwambie mtu mmoja "Voi", ingawa sehemu za kusini mwa Italia bado husemwa: serikali ya Mussolini iliilazimisha badala ya Lei mwaka 1938, na kwenye barua za biashara za leo haina nafasi kwa mtu mmoja.

Kiswahili hakina Lei, na usijaribu kuiunda kwa kumwita bosi wa Trieste "nyinyi" peke yake. Heshima yetu imo kwenye kitenzi na kwenye ofisi: "tunaomba", "tunapenda kukujulisha", "ofisi yako". Ukiona "Vi preghiamo" au "Le chiedo", "tunaomba" inabeba mzigo wote.

Tumefika kwenye "Wako katika ujenzi wa Taifa". Haivuki. Mwitaliano hatajua ni taifa lipi linalojengwa kwa sampuli ya kahawa, na hiyo si dharau kwake wala kwetu. Hata "Wako mtiifu" haivuki: karne ya 19 Waitaliano nao waliandika "Suo devotissimo" juu ya saini, lakini leo ukiiandika utaonekana umeitoa makumbusho. Unachotafuta ni salamu inayokaa kiti kilekile, kile cha kufunga barua kwa staha kabla ya saini, na hapo jibu karibu kila mara ni "Cordiali saluti". Kwa mkurugenzi anayemwandikia asiyemjua, "Distinti saluti" ni sawa kabisa.

Nimechagua "cordiali" hapa, ingawa wao wameandika "distinti", kwa makusudi. Kwa kawaida ningekushauri umjibu mtu kwa kiwango alichotumia. Lakini nyinyi ndio mliochelewa, mmeomba radhi, na sampuli iko njiani; kumrudia kwa jina lake na kwa salamu mliyoizoea ni kumwambia kwamba uhusiano uko palepale. Kuijibu "Spett.le Ditta" kwa "Spett.le Ditta" kungekuwa kama nyinyi pia mnaandaa jalada. Kwa sababu hiyohiyo nimeandika kwa "mimi", mi scuso, ingawa mkurugenzi ameandika kwa "sisi". Kama yeye anataka ibaki "sisi", badilisha iwe "ci scusiamo", "restiamo" na "porgiamo", na uhakikishe haijabaki "mimi" hata moja.

Usipande zaidi ya hapo. "Un caro saluto" ni ya watu wanaofahamiana, "Cara" ni ya karibu kuliko "Gentile", na "Ciao" husubiri mpaka mteja mwenyewe aseme "possiamo darci del tu", yaani tuache Lei tuitane "tu", wewe ya kawaida. "Saluti" peke yake ni fupi mno na kwenye barua ya kuomba radhi itasikika kama mlango unaofungwa. "Salve" iepuke kwenye barua. Waitaliano wenyewe hawakubaliani kama ina heshima ya kutosha. "Buongiorno Dottoressa," ni nzuri mtakapokuwa mnajibizana mara kwa mara siku ileile, na inafanya kazi ya "Habari za kazi" yetu bila kuhitaji mstari wa kuuliza hali. Kwenye barua hii ya kwanza baada ya sollecito usiulize hali. Ingia kwenye sampuli moja kwa moja.

Chini ya "cordiali saluti" andika jina lako, kisha jina la ukoo, kisha cheo: "Ufficio Vendite" kama unaandika wewe, "Direttore Generale" kama barua ni ya mkurugenzi. Na kabla hujabofya kutuma, hakikisha ile stakabadhi uliyoiita "in allegato" imeambatishwa kweli.